Kuhariri taarifa ya ajali ghalani: kutenga kilichoonekana na lawama

Taarifa za ajali kutoka maghala ya nafaka huku kwetu, Kibaigwa na Dodoma mjini, mara nyingi huandikwa siku ileile, hasira zikiwa bado hazijapoa. Tuhariri moja hatua kwa hatua. Nimeitunga ili isimguse mtu, ila makosa yake ni yale ninayokutana nayo kazini:

> Saa 4 asubuhi kuli mmoja alivunjika mguu baada ya rundo la mahindi kuporomoka kutokana na uzembe wa msimamizi wa zamu, ambaye hakukagua. Rundo lilikuwa refu kupita kiasi. Majeruhi naye alikuwa akichezea simu.

Hatua ya 1: Acha ya asili ilivyo. Fanya kazi kwenye nakala. Maelezo yaliyokwisha kutiwa saini hayafutwi wala hayasahihishwi, hata kama tahajia ni mbovu.

Hatua ya 2: Katakata sentensi. Kila kipande kiandikie pembeni neno moja kati ya haya: *ameona*, *ameambiwa*, *anadhani*. Kama hujui uandike lipi, mpigie mwandishi umuulize. Katika mfano wetu, mwandishi alikuwa ofisini rundo lilipoanguka. Alisikia kishindo, akakimbilia ghalani. Kwa hiyo hakuona rundo likiporomoka, na habari ya simu aliambiwa na kuli mwingine.

Hatua ya 3: Rudisha kila hukumu kwenye kitu kilichoonekana. Hapa usiharakishe.

"Refu kupita kiasi" ni maoni mpaka upate kipimo. Upande wa rundo uliobaki umesimama ulihesabiwa ukakutwa na tabaka 14 za magunia, na tangazo lililobandikwa mlangoni linasema zisizidi 12. Andika hayo mawili, msomaji atajua mwenyewe.

"Alivunjika mguu" ni kauli ya daktari baada ya picha ya eksirei. Mwandishi aliona kifundo cha mguu wa kulia kimevimba, na majeruhi hakuweza kukikanyagia.

"Hakukagua" ndilo neno linalodanganya kuliko yote, kwa sababu linafanana sana na ukweli. Nani anaweza kushuhudia jambo ambalo halikufanyika? Kilichoonekana ni kwamba kwenye daftari la ukaguzi, nafasi ya asubuhi hiyo iko wazi. Inawezekana msimamizi hakukagua. Inawezekana pia alikagua asiandike. Andika kwamba nafasi iko wazi, uishie hapo. Nimeona mtu akisimamishwa kazi kwa neno kama hili, kisha mashahidi wawili wakasema walizunguka naye ghalani asubuhi ileile.

"Kutokana na" linataja chanzo, na chanzo hutafutwa na uchunguzi. Weka mfuatano wa saa. Angalia pia vitenzi vyenye sumu: *alipuuza*, *alijifanya*, *alidai*. Ukiandika "alidai" umeshamwita mtu mwongo, "alisema" inatosha.

Hatua ya 4: Usimfiche mtendaji. Wahariri wengi wakiogopa lawama hukimbilia "tabaka ziliongezwa". Ziliongezwa na nani? Kama kuli wawili walimsikia msimamizi akiagiza tabaka mbili ziongezwe, hilo ni tukio lenye mashahidi, na linabaki na jina la cheo chake hata kama litamuuma. Kulifuta ni upendeleo sawasawa na kumwita mzembe.

Hatua ya 5: Maoni yapewe sehemu yake. Usiyatupe, mzoefu wa ghala huhisi mambo ambayo mchunguzi atayahitaji. Yaweke chini, chini ya kichwa "Maoni ya mwandishi", yakiwa na sababu: "Nadhani chaga ya chini ililemewa, kwa kuwa nilikuta ubao wake mmoja umekatika." Hata hapo, ubao uliokatika unatajwa kwanza kwenye sehemu ya juu, pamoja na picha yake, kwani huenda ulikatika wakati wa kuanguka.

Sasa sehemu ya juu inasomeka hivi:

> Saa 4:20 asubuhi nikiwa ofisini nilisikia kishindo. Nilipofika ghalani nilikuta magunia ya mahindi yameanguka na kuli mmoja amekaa sakafuni, kifundo cha mguu wa kulia kimevimba. Upande uliosimama ulikuwa na tabaka 14. Tangazo la mlangoni linasema zisizidi 12. Kuli wawili walisema msimamizi wa zamu aliagiza jana yake tabaka mbili ziongezwe. Kwenye daftari la ukaguzi nafasi ya asubuhi iko wazi. Ubao mmoja wa chaga ya chini umekatika (picha ya 1). Kuli mmoja alisema majeruhi alikuwa ameshika simu. Simu haikuonekana eneo la tukio.

Hatua ya 6: Rudisha kwa wenyewe. Msomee kila shahidi sentensi zinazomhusu. Akisema "sikusema hivyo", andika alichosema sasa na tarehe ya leo, bila kufuta cha mwanzo. Msimamizi naye aulizwe kuhusu lile agizo na nafasi iliyo wazi, na jibu lake liingie kwa maneno yake kabla mwandishi hajatia saini. Nakala ya asili ibanwe nyuma ya hii, kwenye faili lilelile.