Peti keshi ya floti: namna ya kuijaza na kuihakiki bila hesabu kukukataa

Nimemaliza kumwelekeza dada anayeshika fedha kwenye ofisi ndogo yenye watu kumi na wawili, na nimeona kinachowasumbua wengi si kuandika vocha. Kinachowasumbua ni zile siku za katikati, maombi ya kujaza yakiwa yameshapelekwa kwa mhasibu na hundi haijatoka. Kwa hiyo hatua nyingine nitazipitia haraka, hiyo nitakaa nayo. Mfano wangu una floti, yaani kiwango kisichobadilika ambacho kisanduku cha matumizi madogo hurudishiwa kila kikijazwa, ya shilingi 300,000.

Hatua ya 1: Anzisha floti

Mhasibu anaandika hundi ya 300,000 kwa jina la keshia. Kwenye vitabu anadebiti akaunti ya peti keshi na kukrediti benki. Baada ya hapo akaunti hiyo haiguswi tena mpaka siku mtakapoamua kubadilisha kiwango chenyewe. Mtu mmoja ndiye ashike ufunguo wa kisanduku. Kikiwa na funguo mbili kwa watu wawili, pesa ikipungua hamtapata wa kumuuliza.

Hatua ya 2: Lipa kwa vocha

Tumia kitabu cha vocha chenye namba zilizochapwa tayari na nakala ya kaboni. Najua wengi wanapenda kuchapa vocha kwenye kompyuta. Mimi siwashauri, kwa sababu vocha ya kompyuta ikifutwa haiachi pengo, lakini ukurasa wa kitabu ukichanwa, namba inaonekana imeruka. Risiti ya mashine ya EFD itolewe fotokopi siku hiyohiyo na zote mbili zipinwe kwenye vocha. Karatasi ile hufifia, na baada ya miezi michache mkaguzi atakuta kipande cheupe.

Hatua ya 3: Omba kujaziwa

Usisubiri kisanduku kibaki kitupu. Ikibaki kama theluthi moja, jumlisha vocha na uombe. Kiasi unachoomba ni jumla ya vocha, shilingi kwa shilingi, bila kukizungusha. Tuseme umetumia hivi: nauli 38,000, karatasi na wino 96,000, maji na chai 41,500, usafi 25,000, na kudurufu 14,000. Jumla ni 214,500, basi unaomba 214,500, si "laki mbili na ishirini ili iwe rahisi". Mhasibu anadebiti gharama hizo tano na kukrediti benki.

Kabla hujazipeleka, hesabu pesa. Kisandukuni zinatakiwa kuwa 85,500. Zikiwa pungufu, usiongeze pengo hilo kwenye maombi. Ukiliongeza, floti itarudi 300,000 na upungufu utakuwa umejificha ndani ya gharama ambazo hazikufanyika.

Hundi ikitoka, kila vocha na kila risiti igongwe muhuri wa IMELIPWA, tarehe na namba ya hundi. Gonga na risiti yenyewe, si vocha peke yake, maana risiti safi iliyobanduka inaweza kurudi mwezi ujao ikiwa imepinwa kwenye vocha nyingine.

Mkijaziwa kwa simu badala ya hundi, makato ya kutolea yatakula sehemu ya pesa. Yaandikie vocha siku hiyohiyo, uambatishe ujumbe wa muamala. Mimi naona hundi ni bora hapa, kwa kuwa kinachoingia kisandukuni ni kilekile kilichoandikwa.

Hatua ya 4: Hakiki, hasa hundi ikiwa bado haijatoka

Kanuni ambayo kila mtu anaijua ni kwamba pesa taslimu ukijumlisha na vocha unapata floti. Inafaa siku ya kwanza, lakini ofisini kuna vitu vinne, na saa yoyote ya siku vinatakiwa kujumlika kuwa 300,000:

pesa taslimu + vocha ambazo hazijaombewa + maombi yaliyopelekwa ambayo hayajalipwa + hati za pesa zilizotolewa kwa mtu ambaye bado hajarudisha hesabu

Tuendelee na mfano. Jumatatu keshia amepeleka maombi ya 214,500 na kubaki na 85,500. Hundi inachelewa kwa sababu mtia saini amesafiri. Kufikia Jumatano amelipa vocha mpya za 32,000 na kumpa dereva 20,000 aende kujaza mafuta, akaandika hati ya muda. Kisandukuni zinapaswa kuwepo 33,500. Ukihakiki hapo unatakiwa kupata 33,500 + 32,000 + 214,500 + 20,000, yaani 300,000 kamili.

Makosa hutokea sehemu mbili. La kwanza ni kuchomeka vocha mpya za 32,000 kwenye fungu lililokwisha kupelekwa, ati hundi bado haijaandikwa. Fungu likishatoka mkononi mwako limefungwa, vocha mpya zinasubiri maombi yajayo. La pili ni siku hundi inapobadilishwa. Pesa zimeingia kisandukuni, lakini nakala ya maombi ingali kwenye faili la yasiyolipwa, kwa hiyo 214,500 inahesabiwa mara mbili na floti inaonekana kuwa 514,500. Ukiona ziada inayolingana na maombi fulani, kaangalie faili hilo kwanza.

Mhakiki asiwe keshia wala anayeidhinisha vocha, na asitoe taarifa mapema kwamba anakuja. Keshia awepo muda wote wa kuhesabu, kisanduku kisitoke machoni pake, na noti ziandikwe moja moja kwa thamani. Jumatano ile karatasi ilisomeka hivi: 10,000 mara mbili, 5,000 moja, 2,000 moja, sarafu ya 500 moja. Jumla 27,500. Zimepungua 6,000.

Pengo likigawanyika kwa tisa bila baki, shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi, kama 54,000 iliyoandikwa 45,000. Elfu sita haigawanyiki hivyo, kwa hiyo tuliangalia namba za vocha, na hakuna iliyoruka. Ikabaki hati ya dereva. Alipigiwa simu akasema, "Dada, ile ya pancha si ulinipa getini?" Keshia alikuwa amemwongezea 6,000 wakati gari linatoka, hati ikabaki kusoma 20,000. Iliposahihishwa kuwa 26,000 na wote wawili kuweka saini, hesabu ikakaa.

Dereva aliporudi alileta risiti ya mafuta ya 17,000, ya pancha 6,000, na chenji 3,000. Hati ikafutwa, zikaandikwa vocha za 23,000. Hati ya namna hii isilale zaidi ya siku mbili, na isiingie kamwe kwenye maombi ya kujaza, kwa kuwa bado si gharama.

Pengo lisipopatikana, keshia na mhakiki wanatia saini karatasi ya kuhesabu ikiwa na upungufu wake, keshia anaandika maelezo, na meneja anaamua kama keshia atalipa au ofisi itaubeba. Ofisi ikiubeba, unaingia kwenye mstari wake wenyewe wa upungufu wa fedha katika maombi yajayo.

Hatua ya 5: Kubadilisha kiwango

Mkijikuta mnaomba kila wiki, floti ni ndogo. Kuipandisha hadi 400,000 kunahitaji hundi yake ya 100,000, na safari hii akaunti ya peti keshi ndiyo inayodebitiwa. Hundi hiyo isichanganywe na ya kujaza.