Jinsi ya kuandika barua ya kuomba chuo cha udaktari wa meno ukilenga afya ya kinywa ya jamii

Kabla hujaandika chochote, soma maelekezo ya chuo uone kikomo ni kipi. Vyuo vingine huhesabu maneno, vingine huhesabu herufi pamoja na nafasi. Andika barua yako pembeni, ihesabu, ndipo uibandike kwenye fomu. Kama wameuliza swali mahususi, lijibu hilohilo.

Baada ya hapo usianze na utangulizi. Anza na aya ya katikati, ile inayoeleza ulichokiona, kwa sababu ndiyo inayobeba barua nzima. Waombaji wengi husema wanataka kuihudumia jamii, kisha kila wanachosimulia kinahusu kiti cha kliniki: mgonjwa mmoja, jino moja, kuziba au kung'oa. Anayesoma barua huitambua tofauti hiyo mara moja. Kwenye kiti, daktari anauliza ni jino lipi linalouma. Katika afya ya jamii swali ni kwa nini watoto wengi wa mahali pamoja wameoza meno yaleyale.

Chukua mwombaji aliyejitolea miezi 3 katika kituo cha kulelea watoto. Rasimu yake ya kwanza ilisema: "Nilisikitika sana kuona watoto wenye meno mabovu, nikaamua kuwa daktari wa meno ili niisaidie jamii yangu." Huzuni yake ni ya kweli, lakini msomaji haoni kitu. Ukimwuliza ni meno yapi, anakumbuka vizuri: ni yale manne ya mbele ya juu, yana rangi ya kahawia karibu na fizi, na ya chini ni meupe kabisa. Hapo ndipo penye barua. Meno yakioza kwa mpangilio huo, jambo la kwanza la kuulizia ni chupa yenye kinywaji kitamu ambayo mtoto analala nayo. Kinywaji hutuama kwenye meno ya juu, ilhali ya chini hufunikwa na ulimi na kuoshwa na mate ya tezi zilizo chini yake. Mtoto akilala, mate hupungua na sukari inabaki palepale.

Aya ileile, ikiandikwa upya, inaweza kusomeka hivi:

"Katika kituo nilikojitolea niliona watoto 4 wa chini ya miaka 3 ambao meno yao ya mbele ya juu yalikuwa na rangi ya kahawia karibu na fizi, huku ya chini yakiwa meupe. Nilikuwa nimeleta miswaki ya kuwagawia. Mlezi aliponionyesha chupa za juisi wanazolala nazo, nilielewa kuwa mswaki peke yake hautoshi. Tulikubaliana kuwapa maji badala yake. Wawili walizoea baada ya wiki moja. Wawili walilia hadi walezi wakarudisha juisi, kwa kuwa mlezi mmoja hawezi kubembeleza watoto 10 kwa wakati mmoja. Nataka kujifunza kupanga huduma inayozingatia pia hali ya mlezi huyo."

Sehemu ya kushindwa usiifute, hata kama mtu atakushauri hivyo. Ndiyo inayoonyesha kwamba umeona chanzo kilicho nje ya kinywa. Ila usiandike kwamba ulipunguza kuoza kwa meno: kwa miezi 3 na watoto 4 huwezi kulithibitisha hilo. Unachoweza kudai ni idadi ya chupa zilizobadilishwa. Wala usiseme ulitambua ugonjwa au ulitibu. Sema uliona nini, na nani alikuambia nini. Majina ya watoto na ya kituo yaache nje.

Sasa andika aya inayohusu chuo. Fungua mtaala wao utafute mafunzo ya nje ya kliniki: mashuleni, kwenye vituo vya afya, au somo la kupima hali ya meno katika kundi la watu. Taja moja tu na ulifunge na swali lako la chupa. Sentensi za kukisifu chuo ziondoe zote.

Utangulizi uandike mwisho, sentensi 2 au 3. Wengi hufungua na makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa. Takwimu ni sahihi, lakini haikuhusu wewe zaidi ya mwombaji mwingine. Fungua na zile chupa.

Mwisho, mpe barua mtu anayefanya kazi ya meno akague ukweli wake. Ukitaja dawa ya meno yenye floraidi, kwa mfano, kiasi cha mtoto wa chini ya miaka 3 ni punje ya mchele, na cha miaka 3 hadi 6 ni punje ya njegere. Kosa dogo la namna hiyo mwalimu wa meno hulinasa upesi.