Nyumba ina jina la ndugu yako, lakini hela yako imo ndani: jinsi ya kudai bila karatasi (SOMO)

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni wakili hapa Mwanza, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni ardhi. Wiki haipiti bila mtu kuja ofisini na sentensi ileile: "Wakili, nyumba tulijenga pamoja, ila jina ni la kaka." Karatasi hana. Mtaani ameshaambiwa kwamba bila maandishi hana chake. Si kweli, ila si rahisi pia, na inaniuma kuona watu wanaachia haki yao kwa kuogopa swali ambalo lina majibu.

Nitazungumzia ndugu, si mke na mume. Wanandoa wana sheria zao, nitazigusa kwenye maswali.

Tuchukue mfano. Kaka alinunua kiwanja Buswelu mwaka 2013 kwa milioni 6, zote zake. Mwaka 2015 akaanza kujenga. Dada yake anafanya biashara ya dagaa Ukerewe, akawa anatuma hela kila msimu unapochanganya. Nyumba ilikula milioni 24, kati ya hizo dada alitoa 12. Hati ina jina la kaka peke yake. Sasa kaka amefariki, na msimamizi wa mirathi ameiorodhesha nyumba yote kama mali ya marehemu.

Hatua ya 1: Hela iliingia siku gani?

Hapa ndipo kesi nyingi hushinda au kufa, na watu hawalijui hili.

Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mkataba wa kuhamisha ardhi uwe wa maandishi. Lakini mahakama zetu hutumia pia kanuni za ekwiti, yaani za haki na uadilifu, tulizozipokea kutoka Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kwa kanuni hizo, mtu anaweza kuwa na jina kwenye hati huku mali, yote au sehemu, ameishikilia kwa ajili ya mwingine. Hiyo ndiyo amana, wenyewe tunaita trasti, na inaweza kuzaliwa na matendo ya watu bila karatasi yoyote. Ziko za aina mbili.

Ya kwanza ni amana ya marejesho. Ukichangia bei ya kununua, na mali ikaandikwa jina la mwenzako, sheria inadhani hukumpa bure. Sehemu yako inakurudia kwa kiasi ulichotoa. Dada angetoa milioni 2 kati ya zile 6 za kiwanja, angekuwa na theluthi moja tangu siku ya kununua, hata kama hawakuambiana neno. Lakini hii huhesabiwa siku ya manunuzi. Hela inayokuja miaka miwili baadaye ya saruji na bati haiingii humo.

Kwa hiyo dada wa mfano wetu, mwenye milioni 12 zake, hana amana ya marejesho hata ya shilingi. Anabaki na aina ya pili: amana inayojengwa na mahakama, kwa sababu itakuwa dhuluma kumwachia mwenye jina ale peke yake.

Hatua ya 2: Mlikubaliana nini, na wewe ulijifunga vipi?

Aina hii ya pili inataka vitu viwili vikae pamoja. Kwanza, mlielewana kwamba nyumba ni ya wote. Pili, kwa kutegemea maelewano hayo ulifanya jambo lililokugharimu: ulituma hela, uliacha kununua kiwanja chako, ulisimamia mafundi. Kimoja bila kingine hakitoshi. Maneno matupu bila gharama ni ahadi tu. Gharama bila maelewano inaweza kuwa mkopo au zawadi, na hapo utadai hela yako kama deni, si nyumba.

Swali la mkopo au zawadi litakuja, jiandae nalo. Ukikutwa umeandika "nakukopesha, utarudisha," umekwisha, maana mkopeshaji hana sehemu kwenye nyumba ya mkopaji.

Dada wetu alikuja na daftari la kaunta, jalada limeng'oka, linanuka dagaa mpaka nikafungua dirisha. Kwenye ukurasa wa Juni 2016 aliandika: "Kaka, saruji mifuko 40, NYUMBA YETU, vyumba vya mbele." Chini yake ipo namba ya muamala wa M-Pesa, na namba hiyo ipo pia kwenye taarifa ya miamala ya kampuni ya simu. Kisha ikapatikana sauti ya WhatsApp ya marehemu akimwambia, "vile viwili vya mbele vina mlango wake, ni vyako, ukija mjini usipange." Mstari ule wa daftari pamoja na ile sauti vina uzito kuliko mashahidi kumi wa ukoo watakaosema "sisi tunajua walijenga wote."

Atapata kiasi gani? Wengi wanajumlisha 6 za kiwanja na 24 za ujenzi, wanapiga hesabu 12 kwa 30, yaani asilimia 40. Inaweza kufika hapo pale ambapo walielewana ni ya wote bila kusema nani ana ngapi, maana mahakama itaangalia nani aliweka nini. Lakini wakiwa walitaja mgao wenyewe, mgao huo ndio unaongoza. Ushahidi wa dada unasema vyumba viwili vya mbele, kwa hiyo anaweza kukuta haki yake inaishia hapo. Ndiyo maana huwa namuuliza mteja mara tatu: alisema nini hasa? Nukuu maneno yake, usinifasirie.

Hatua ya 3: Kusanya kabla hujagombana

Omba taarifa ya miamala mapema. Simu yenye zile sauti usiiuze, usiiformati. Mahakama itauliza ujumbe ulitunzwaje na ulikuwa kwenye simu ya nani. Tafuta fundi aliyekupokea saruji na mwenye duka la vifaa. Picha ukiwa saiti siku ya kumwaga lenta zinasaidia kuonyesha kwamba ulikuwepo, hazithibitishi kwamba ulilipa.

Hatua ya 4: Funga mlango

Kama nyumba ina hati iliyosajiliwa, weka zuio kwa Msajili wa Hati. Zuio halikupi umiliki, linamfahamisha kila anayetaka kununua au kukopesha kwamba yupo mtu anadai. Usikae nalo ukadhani umemaliza. Mwenye hati anaweza kwenda Mahakama Kuu ukaitwa ueleze kwa nini lisiondolewe.

Huku kwetu milimani, Mabatini, Igogo, Bugarika, nyumba nyingi zinasimamia karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Hapo hakuna usajili wa kuwekea zuio. Andika barua kwa mwenyekiti wa mtaa na ofisi ya ardhi, upate nakala iliyogongwa "imepokelewa." Zoezi la urasimishaji likipita mtaani kwenu, uwepo. Jina linaloandikwa siku ile ndilo linalokwenda kwenye hati, na ukinyamaza utaulizwa mbele ya baraza kwa nini ulinyamaza.

Hatua ya 5: Kufungua shauri

Anza Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya 2021 baraza hili linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa linakupa cheti, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kuendelea bila cheti. Hapo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kama thamani ya nyumba haizidi milioni 300. Ikizidi, Mahakama Kuu.

Mwenye jina akiwa amefariki, mdaiwa wako ni msimamizi wa mirathi kwa nafasi yake hiyo. Nimeona mtu akimshtaki wifi yake mjane, shauri likatupwa baada ya mwaka mzima. Hoja yako ni kwamba sehemu yako haikuwa ya marehemu, kwa hiyo haigawiwi na warithi. Hudai urithi. Ukianza kuongea kama mrithi utaichanganya kesi yako mwenyewe.

Karibuni maswali.

MamaNeema_Igoma: Shikamoo wakili. Nimeishi na mwanaume miaka tisa, hatujafunga ndoa. Kiwanja ni jina lake. Mimi nauza samaki, chakula cha nyumbani na ada za watoto ni mimi. Sikuchangia tofali hata moja. Nina chochote?

Jibu: Marahaba mama. Unacho, na njia yako ni nyepesi kuliko ya ndugu. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kama mke na mume, mnadhaniwa kuwa wanandoa. Dhana hiyo inakwama kama ana mke mwingine wa ndoa ya mke mmoja, kwa hiyo hilo liangalie kwanza. Ikisimama, kifungu cha 114 kinaruhusu kugawa mali mliyochuma pamoja, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983 kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango. Ila ujue Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu ya nyumba, kwa sababu alipewa hela ya mradi wa familia akaitapanya. Wewe unalisha nyumba na kulipa ada, basi tunza risiti za shule. Anzia baraza la usuluhishi la ndoa, usianzie mabaraza ya ardhi.

Mzee wa Kisesa: Nilimnunulia mwanangu kiwanja kwa jina lake. Sasa ananifukuza.

Jibu: Pole sana mzee wangu. Kwa baba na mtoto dhana inageuka: sheria huanza na kwamba ulimpa zawadi. Inabidi uonyeshe nia nyingine siku ile ya kununua. Kwa mfano, ulihamia wewe, ukalipa kodi ya ardhi wewe, karatasi ukatunza wewe. Kama umejenga na unaishi humo, usitoke.

Diaspora_Capripoint: Mimi nina uraia wa Kanada sasa. Nyumba iko kwa jina la mdogo wangu, hela yote yangu.

Jibu: Kaka, ulinunua lini na uraia ulibadili lini? Kabla ya mabadiliko ya 2025, asiye raia alikuwa hapewi ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji, kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi. Kama ulinunua wakati huo ukiwa tayari Mkanada, na jina la mdogo wako lilikuwa la kukwepa katazo hilo, mahakama haitakusaidia kupata kwa mlango wa nyuma ulichokatazwa mbele. Tafuta wakili akae na tarehe zako kabla hujamtumia mdogo wako ujumbe wowote wa hasira.

Dagaa_Trader: Na kama kaka ameshauza?

Jibu: Mnunuzi aliyelipa bei halali bila kujua habari zako analindwa, nyumba utaikosa. Kama alijua, au alikukuta unaishi humo akashindwa hata kukuuliza, ana kesi ya kujibu. Vyovyote iwavyo amana yako inaifuata hela ya mauzo. Kaka akiwa ameweka benki au amenunua mtumbwi na injini, omba amri ya kuzuia hivyo visiguswe, na uiombe wiki hii.