Chagua kwanza, zima baadaye

Simu ya Android ikija na brauza mbili na programu mbili za meseji, usikimbilie kuzima mojawapo. Fungua Settings, Apps, kisha Default apps. Hapo utaona Browser app, Phone app na SMS app. Gusa kila moja uchague unayoitaka. Majina hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Jitumie meseji, piga simu moja, fungua kiungo kimoja. Ikiitika ile uliyochagua, ndipo urudi Apps, uguse ile usiyoitumia, halafu Disable.

Ikizimwa haifutiki: inatoweka kwenye menyu, haijiendeshi tena, na ukiihitaji unabonyeza Enable. Nafasi unayopata ni ya masasisho na data zake tu, kwa hiyo usitegemee gigabaiti nyingi. Kitufe cha Disable kikiwa kimefifia, mtengenezaji ameifunga, achana nayo.

Android System WebView usiiguse, hata kama hujawahi kuifungua. Programu nyingine huitumia kuonyesha kurasa ndani yake, na ukiizima zinaweza kuanza kujifunga zenyewe bila wewe kujua mchawi ni nani.