Dada, mpigie kwanza bosi wako wa zamani

Ukiomba kazi ya kulea mtoto Raskazone au Chumbageni hapa Tanga, usiandike tu "nina uzoefu wa miaka 3". Taja umri: "Nililea mapacha tangu miezi 4 hadi wakaanza chekechea, uji, kuwaogesha, kuwalaza, vyote mimi." Mama anayesoma anamtafuta mwanawe humo.

Kabla hujatoa namba ya bosi wa zamani, mpigie umwombe. Niliwahi kumpigia mdhamini wa dada mmoja, akaniuliza, "Nani huyo?" Nikaishia hapo, ingawa pengine dada alikuwa mzuri tu.

Kama ni kwenda na kurudi, sema unatoka Makorora, unafika saa 1 asubuhi na kuondoka saa 11 jioni. Kama ni kulala, ulizia chumba na siku ya mapumziko kabla hamjapatana mshahara.