Trela ya chaneli ya YouTube: sekunde 50 za kumwambia mgeni kwa nini asabskraibu

Anayefungua ukurasa wa chaneli yako mara nyingi ameshaona video yako moja. Aliikuta akitafuta jambo fulani, ikamsaidia, akabonyeza jina lako ili ajue kama kuna nyingine za namna ile. Hilo ndilo swali analokuja nalo, na trela ipo ili kulijibu.

Trela ya chaneli ni video ambayo YouTube huiweka juu ya ukurasa wako kwa watu ambao hawajasabskraibu. Ukurasa ukifunguliwa kwenye kompyuta, video hiyo huanza kucheza yenyewe. Aliyekwisha kusabskraibu hawekewi trela. Yeye unaweza kumchagulia video nyingine kabisa.

Nitaeleza kazi nzima kwa kufuata chaneli moja niliyoihariria: ya dada mmoja fundi cherehani wa Morogoro, anayefundisha kukata na kushona nguo za kike za kitenge.

Hatua ya 1: Andika ahadi ya sentensi moja

Usiwashe kamera kwanza. Andika mgeni atapata nini akibaki. Fundi huyu alianza na sentensi hii: "Chaneli hii inahusu mitindo, ushonaji na mambo mengine mengi." Sentensi kama hiyo inaweza kusemwa na chaneli yoyote yenye cherehani, na hayo "mambo mengine mengi" yanamwambia mgeni kwamba hata mwenye chaneli hajui kesho ataleta nini.

Tulifungua ukurasa wake wa Videos, tukazipanga kwa Popular. Juu hazikuwepo zile za maonyesho ya nguo alizokuwa akizipenda mwenyewe. Zilikuwepo za kurekebisha kasoro: zipu inayovimba mgongoni, kwapa linalobana, shingo inayoachia mbele. Maoni chini ya video hizo yalikuwa ya watu wanaojifunza nyumbani kwa cherehani ya kawaida, wengi wakiuliza vipimo. Basi hao ndio wageni wake, na ahadi ikawa hii: "Hapa nakufundisha kukata na kushona nguo za kitenge, kuanzia vipimo mpaka pindo, kwa cherehani ya kawaida uliyonayo nyumbani."

Ipime ahadi yako kwa kuisoma kisha kuangalia video zako kumi za karibuni. Kama nusu yake haziihusu, ama ahadi ni ya uongo, ama chaneli yenyewe bado haijapata mwelekeo. Trela nzuri haiwezi kuficha hilo, maana mgeni akishuka chini kidogo tu anaziona video zenyewe.

Hatua ya 2: Andika maneno yote, kisha yapime kwa saa

Mimi hulenga sekunde 50 hadi 60. Kwa mwendo wa kuzungumza usio na haraka, hapo yanaingia maneno mia moja hivi ya Kiswahili, pengine pungufu, kwa sababu lazima uache nafasi picha nazo ziseme. Soma kwa sauti huku simu ikihesabu sekunde. Ukizidisha, punguza maneno. Usiongeze kasi ya kusoma.

Sekunde 6 za kwanza ndizo zilizotuchukua muda mrefu kuliko kazi nyingine yote. Rasimu ilianza kwa salamu, jina, nembo inayozunguka na "karibuni sana kwenye chaneli yangu". Adabu hiyo ni yetu na ni nzuri ana kwa ana, lakini ukurasani mgeni ameshaliona jina na nembo palepale juu. Tukaanza na tatizo ambalo yeye analijua. Picha ni ya mgongo wa gauni lenye zipu iliyovimba, kisha gauni lilelile likiwa limelala sawasawa. Sauti inasema: "Zipu yako inavimba hivi? Ulivuta kitambaa wakati wa kuishona." Hapo mgeni ameshafundishwa kitu kabla hajaombwa chochote.

Kuanzia sekunde ya 6 hadi ya 20 inakuja ahadi, pamoja na ushahidi. Anasema jina lake kwa neno moja au mawili, kisha ile sentensi ya hatua ya kwanza. Wakati anaisema, hatumwoni yeye akiongea. Tunaona vipande vya video zake zilizopo: chaki ikichora kwapa, mkasi ukikata sketi ya solo, mteja akigeuka mbele ya kioo. Kila kipande kikae sekunde 3 au 4. Kikiwa kifupi zaidi, jicho halishiki mkono unafanya nini, na ufundi wa mikono ndio anaouuza.

Sekunde ya 20 hadi ya 38 ni mahali pa kuanzia. Hapa wengi huorodhesha kila kitu. Sisi tulichagua njia mbili tu: "Kama ndiyo unaanza, kuna mfululizo wa vipimo. Kama unashona tayari lakini nguo hazikai vizuri, nenda kwenye mfululizo wa kurekebisha kasoro." Mifululizo hiyo lazima iwepo kweli kwenye chaneli, kwa majina hayohayo, na iwekwe chini kidogo ya trela. Mgeni akisikia "mfululizo wa vipimo" kisha asiuone popote, umempoteza.

Zilizobaki ni za ombi. "Tafadhali sabskraibu, like na share" ni maombi matatu yasiyo na sababu hata moja. Omba moja, na sababu yake itangulie: "Somo jipya hutoka kila Jumamosi. Sabskraibu ili likukute." Usiseme "Jumamosi hii" wala "mwezi huu", maana trela itakaa hapo muda mrefu. Na kama huna hakika ya kutoa somo kila wiki, iache siku, utaje aina ya masomo tu.

Hatua ya 3: Rekodi

Simu inatosha, ila ilaze. Tangu tarehe 15 Oktoba 2024, video ya wima au ya mraba isiyozidi dakika 3 inayopandishwa YouTube huhesabiwa kuwa Shorts, na wewe unataka video ya kawaida ya ulalo, 16:9.

Sauti irekodi peke yake, chumbani penye mapazia au nguo nyingi, mdomo ukiwa kama shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni. Kisha panga vipande vya picha juu ya sauti hiyo kwa programu ya kuhariri uliyoizoea. Muziki uwe chini kiasi kwamba ukisikiliza kwa spika ya simu, sebuleni watu wakiongea, bado unalipata kila neno. Usichukue wimbo wa msanii hata kama unapendwa. Kwa kawaida YouTube haiweki matangazo kwenye trela inapocheza juu ya ukurasa wa chaneli, lakini kukiwa na kitu kilichodaiwa na mwenye haki zake, tangazo linaweza kuingia. Mgeni ataanza na tangazo la watu wengine badala ya zipu yako. Muziki wa bure upo ndani ya YouTube Studio, kwenye Audio Library.

Hatua ya 4: Pandisha na uiweke mahali pake

Fanya hivi kwenye kompyuta. Unapopandisha video, bonyeza Show more, kisha ondoa alama kwenye `Publish to subscriptions feed and notify subscribers`. Wafuatiliaji wako wa zamani hawana haja ya kuarifiwa kuhusu video ya kuwakaribisha wageni. Wataipuuza au wataifunga mapema.

Kichwa kiseme faida, kisiwe "Trela ya chaneli yangu". Tulitumia: "Jifunze kushona nguo za kitenge ukiwa nyumbani". Mistari ya mwanzo ya maelezo iandike kwa uangalifu, kwa sababu kwenye kompyuta huonekana kando ya trela inapocheza. Weka humo ahadi yako na kiungo cha kusabskraibu, ukibadilisha jina liwe la chaneli yako:

```
https://www.youtube.com/@jinalako?sub_confirmation=1
```

Anayekibonyeza kwenye kompyuta huulizwa moja kwa moja kama anataka kusabskraibu. Kwenye simu usikitegemee.

Kwa skrini ya mwisho, fungua End screen. YouTube inaruhusu vipengele hivyo vikae kwenye sekunde 5 hadi 20 za mwisho, na video yenyewe isipungue sekunde 25. Tuliweka kitufe cha Subscribe na mfululizo wa vipimo, basi. Picha ya nyuma ilikuwa meza ya kukatia yenye kitenge kilichotandazwa, iliyopigwa ikiwa na nafasi tupu kulia na kushoto ili vipengele visikae juu ya uso wa mtu.

Mwisho nenda Customization, kisha Home tab, utafute sehemu ya trela kwa watu ambao hawajasabskraibu, uchague video yako, ubonyeze Publish. Kitufe hicho cha Publish husahaulika sana; bila hicho hakuna kilichobadilika.

Hatua ya 5: Itazame kama mgeni, kisha fuatilia

Fungua ukurasa wako kwenye dirisha la faragha la kivinjari, bila kuingia kwenye akaunti. Ukiutazama ukiwa umeingia kama mwenye chaneli, hutajua mgeni anaona nini. Kisha mpe mtu asiyeshona aitazame mara moja, umwulize chaneli inafundisha nini na kwa nani. Akijibu "ni ya mitindo", rudi hatua ya 1.

Baada ya wiki kadhaa angalia kwenye Analytics grafu inayoonyesha ni watazamaji wangapi bado wanatazama kila sekunde. Usiogope mteremko wa kawaida: baadhi ya wageni huondoka kwenye trela kwa sababu wameshaona video wanayoitaka chini yake, na hayo ni mafanikio. Tafuta mahali grafu inapokatika ghafla. Ikikatika ndani ya sekunde 6 za mwanzo, tatizo ulilofungua nalo si la wageni wako. Ikikatika katikati, orodha yako ni ndefu. Kuhusu idadi ya waliosabskraibu kupitia video hiyo, ichukulie kuwa pungufu, kwa kuwa mtu anaweza kutazama trela kisha akabonyeza kitufe kikubwa cha juu ya ukurasa, na huyo huhesabiwa chini ya ukurasa wa chaneli.

Ratiba ikibadilika, huna haja ya kuanza upya. Ndani ya Studio kuna Editor inayokata kipande cha katikati ya video iliyokwisha kupandishwa, na kiungo na idadi ya watazamaji hubaki vilevile. Ndiyo maana sentensi ya Jumamosi tuliirekodi peke yake, yenye kituo kabla na baada: fundi akihamia somo moja kila wiki mbili, itakatwa bila kugusa neno lililo jirani.