Kukokotoa gharama kwa mkondo wa thamani: mfano wa karakana ya madawati Nyakato

Ninatunza hesabu za karakana ya vyuma Nyakato, Mwanza. Tunatengeneza madawati ya shule, na pia milango na madirisha. Zamani kila kazi ilikuwa na kadi yake. Fundi aliandika saa alizochomelea, nami nilizidisha ujira wake mara mbili na kuuita mzigo wa gharama za jumla. Dawati moja lilitoka hivi: vifaa 45,000, ujira 6,000, gharama za jumla 12,000, jumla shilingi 63,000. Ile "mara mbili" haikutokana na kitu chochote kinachoonekana karakanani. Tulipoanza kupunguza upotevu, kadi zile zilituambia tukatae kazi yenye faida. Ndipo tukaacha kukokotoa gharama kwa kila kazi, tukakokotoa kwa mkondo wa thamani, yaani safari nzima ya bidhaa tangu vifaa vinapoingia hadi inapoondoka kwenda kwa mteja.

Hatua ya 1: Chora mkondo, kisha wape watu mkondo mmoja. Fuata dawati kuanzia mabomba yanapoingia stoo hadi linapopakiwa kwenye gari. Wote wanaoligusa au kulisaidia ni wa mkondo huo: wakataji, wachomeleaji, mpakaji rangi, msimamizi, hata mtunza stoo. Usiwatenganishe wanaoshika chuma na wanaosaidia. Sisi tulikwama kwa mpakaji rangi aliyehudumia pande zote mbili. Nilijaribu kumgawa kwa saa, na kabla ya wiki kwisha kadi zilikuwa zimerudi. Tukamweka kwenye madawati moja kwa moja, na upande wa milango ukapata wake. Mashine isiyoweza kugawanywa, kama ya kukatia, igawe kwa uwiano mmoja mliokubaliana na msiuguse kila wiki.

Hatua ya 2: Kusanya gharama za wiki nzima. Usiulize zilitumika kwenye dawati lipi. Wiki moja ya kwetu, kwa tarakimu za kukadiria, ilikuwa hivi:

- Vifaa (mabomba, mbao, rangi): 5,400,000
- Mishahara ya mkondo pamoja na michango ya NSSF: 900,000
- LUKU, diski, vijiti vya kuchomelea, uchakavu wa mashine: 480,000
- Nafasi: mita za mraba 240 kwa shilingi 500: 120,000

Jumla ni 6,900,000. Kuhusu nafasi, jengo lina mita 600 na pango ni 300,000 kwa wiki. Madawati yanalipia 240, milango 200. Zile 160 zilizobaki usizisambaze kwa mikondo. Ziache peke yake kama gharama ya karakana. Mkondo ukijibana ukaachia mita 40, gharama yake ishuke waziwazi, na mwenye karakana aone ana nafasi tupu ya kutumia.

Hatua ya 3: Gawanya kwa yaliyoondoka. Hesabu madawati yaliyopelekwa kwa mteja, siyo yaliyochomelewa. Wiki ile yaliondoka 120:

```
6,900,000 / 120 = 57,500
```

Tuliuza kwa 70,000, kwa hiyo mkondo ulibaki na faida ya 1,500,000. Wiki ambayo madawati 30 yalikwama yakisubiri rangi, wastani ulipanda ingawa wachomeleaji walifanya kazi yote. Huo ndio ujumbe unaoutaka: fedha zimelala kwenye foleni ya rangi.

Kuna kupanda kwingine kunakodanganya. Ukinunua mabomba ya mwezi mzima siku moja na kuyaweka yote kwenye wiki hiyo, wastani unaruka na karakanani hakuna kilichobadilika. Kuhesabu manunuzi moja kwa moja kunafaa pale tu stoo inapobeba vifaa vya siku chache. Kabla ya hapo, andika vilivyotoka stoo.

Hatua ya 4: Amua oda kwa faida ya mkondo. Mteja wa Ukerewe alitaka madawati 20 kwa wiki kwa 55,000 kila moja, usafiri akilipa mwenyewe. Kadi ya zamani ilisema 63,000, yaani kataa. Hata wastani wa 57,500 ungesema hivyo hivyo, na hapa ndipo wengi hupotea. Swali ni fedha gani mpya zinaingia na zipi zinatoka. Tulikuwa na uwezo wa madawati 140 kwa wiki bila saa za ziada. Gharama mpya kwa kila dawati ni vifaa 45,000, na umeme na vijiti 2,000:

```
20 x (55,000 - 47,000) = 160,000
```

Faida ya mkondo ikafika 1,660,000, japo bei ile iko chini hata ya wastani mpya wa 56,000.

Lakini chunguza kwanza kituo kinachowasubirisha wengine. Kwetu ni uchomeleaji. Kingekuwa kimejaa, kila dawati la Ukerewe lingeondoa moja la 70,000, ambalo huingiza 23,000 badala ya 8,000. Tungepoteza 15,000 kila mara.

Mahali wastani hautoshi. Madawati yetu yanafanana, ndiyo maana mgawanyo mmoja unatosha. Milango haifanani: wa choo na geti la gari haviwezi kubeba wastani mmoja. Kule toa vifaa kwanza, kisha gawanya gharama zilizobaki kwa dakika za uchomeleaji. Mlango unaokula dakika nyingi hapo ndio unaobeba zaidi.

Mwisho wa mwaka, kanuni za uhasibu bado zinataka mali iliyobaki ibebe sehemu ya gharama za uzalishaji. Mimi huhesabu mali iliyopo ni ya siku ngapi za uzalishaji, nazidisha kwa gharama za siku moja bila vifaa, najumlisha vifaa vyenyewe, na kuandika ingizo moja kwenye leja. Kama stoo ni ndogo, kazi hiyo ni ya asubuhi moja.